Baraza halina mamlaka, na shauri lilishaamuliwa: pingamizi lipi lijibiwe kwanza?

*Shikamoo wakili. Mwaka 2018 mama yangu alishindwa na jirani yake Baraza la Kata kuhusu ekari mbili za shamba letu Handeni. Hakukata rufaa. Alifariki 2022, na mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Katika makaratasi yake nimekuta hati ya mauziano ya 1989 ambayo hakuitoa kule kata. Machi 2024 niliurudisha mgogoro kata ili watusuluhishe, wakakaa kimya, nikafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku ya kwanza ya kusikilizwa wakili wa jirani akasimama na mapingamizi mawili: baraza halina mamlaka kwa sababu sina cheti cha kata, na shauri lilishaamuliwa 2018. Tumepewa siku 14 tulete hoja kwa maandishi. Naanza kujibu lipi, na nina nafasi kweli?*

Marahaba. Nimesoma nakala ulizonitumia: fomu yako ya maombi, majibu ya jirani, na uamuzi wa kata wa 2018 alioambatanisha kwenye majibu hayo. Nafasi unayo, ila haipo pale unapoitafuta. Wewe umeiweka imani yako yote kwenye hati ya 1989. Mimi naiona kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa pili wa uamuzi wa 2018, na nitaufikia kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili utaratibu ndio unaolibeba.

Anza na mamlaka. Ni lazima liwe la kwanza, hata kama mwenzako angeliandika la pili. Baraza lisilo na mamlaka haliwezi kusema lolote juu ya shauri lililo mbele yake, na kusema kwamba shauri lilishaamuliwa nako ni kusema jambo juu ya shauri. Mwenyekiti akiona hana mamlaka, kalamu inasimama hapo hapo. Kwa wasomaji wa Kenya, hiki ndicho Mahakama ya Rufaa yenu ilichokisema mwaka 1989 katika kesi ya meli ya Lillian S dhidi ya Caltex, na mawakili wa pande zote mbili za mpaka wanainukuu hadi leo.

Naligusa hili la mpangilio kwa uchungu kidogo. Miaka ya nyuma nilisimama upande wa mleta maombi katika baraza ambalo sitalitaja. Mwenyekiti aliandika kwamba hana mamlaka, kisha katika uamuzi huo huo akaendelea kuandika kwamba shauri lilishaamuliwa, akalitupilia mbali. Mteja wangu alisubiri rufaa Mahakama Kuu kwa miaka miwili ili tu nusu ya pili ya uamuzi ule ifutwe, na muda wote huo mtu mwingine alikuwa akivuna katika shamba lake. Kwa hiyo ukurasa wako wa kwanza wa hoja umwombe mwenyekiti wazi: ayaamue mapingamizi kwa mpangilio huu, na akikubali la kwanza asiliguse la pili.

Sasa hilo la cheti. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Kifungu cha 13(4) cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kinasema Baraza la Wilaya lisisikilize shauri linalogusa haki katika ardhi mpaka kata ithibitishe kwamba imeshindwa kusuluhisha. Wakili wa jirani amesimama juu ya maneno hayo, na kwa sehemu hiyo yuko sahihi. Lakini kifungu hicho hicho kina sharti la nyongeza: zikipita siku 30 tangu mgogoro ufikishwe kata bila kusuluhishwa, anayelalamika anaweza kufungua shauri bila cheti.

Aya ya 6 ya maombi yako inasema ulifikisha mgogoro kata tarehe 4 Machi 2024 na haukusuluhishwa, na umeambatanisha hati ya wito yenye muhuri wa kata. Shauri ulilifungua tarehe 22 Aprili, yaani siku 49 baadaye. Hapo ndipo inapoingia kesi ambayo kila pingamizi la awali Afrika Mashariki hupimwa kwayo: Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors, ya 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Majaji walisema pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, na linabishaniwa kwa kuchukulia kwamba yote aliyoandika upande wa pili ni kweli. Likihitaji ukweli fulani uthibitishwe kwanza, si pingamizi la awali tena.

Maana yake kwako ni hii. Katika hatua hii aya yako ya 6 inachukuliwa kuwa kweli. Siku 49 zinazidi 30, kwa hiyo cheti hakikuhitajika. Mwenzako akisema hukufika kata, au muhuri ni wa kughushi, atakuwa ameingia kwenye ushahidi, na ushahidi unangoja mashahidi. Una bahati kwamba ulikumbuka kuiandika aya hiyo. Wengi hufika kata kweli, husubiri kweli, kisha husahau kulisema kwenye maombi. Pingamizi likishatolewa, hawaruhusiwi kukimbilia kurekebisha maombi ili kulikwepa, wala kulijaza pengo kwa kuambatanisha barua kwenye hoja za maandishi. Hoja si ushahidi. Unachoweza kuambatanisha humo ni hukumu za kesi unazozitegemea, basi.

Hata kama mwenyekiti hataridhika na hoja yako ya siku 49, hujafa. Shauri linalokosa sharti la kufunguliwa huondolewa, halitupiliwi mbali. Tofauti hiyo iliwekwa wazi mwaka 1959 katika rufaa ya Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo: kilicholetwa bila kukidhi masharti huondolewa kwa sababu hakuna kilichosikilizwa, na kilichosikilizwa kikaonekana hakina msingi ndicho hutupiliwa mbali. Kikiondolewa unarudi kata, unachukua cheti, unafungua upya. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, na kwa maelezo yako mama aliondolewa shambani 2018 baada ya uamuzi, kwa hiyo muda bado upo. Lisome kwa makini neno litakalotumika kwenye uamuzi. Ukiona "limetupiliwa mbali" mahali palipopaswa kusomeka "limeondolewa", usiondoke na karatasi hiyo ukidhani ni kitu kimoja.

Tuje kwenye la pili, ambalo ndilo zito. Wanasheria huliita res judikata. Liko katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kwa toleo la 2019, na mabaraza ya ardhi hulitumia pale kanuni zao wenyewe zinaponyamaza. Kifungu hakisemi tu kwamba jambo likiamuliwa limeamuliwa. Kinataka mambo matano yakutane: kilichobishaniwa kiwe kile kile, pande ziwe zile zile au wanaodai kupitia kwao, wawe wanadai kwa haki ya namna ile ile, shauri la kwanza liwe lilisikilizwa na kuamuliwa hadi mwisho, na chombo kilichoamua kiwe kilikuwa na uwezo wa kuamua. Moja likikosekana, pingamizi linaanguka. Kwa hiyo usipoteze kurasa ukiyapigania yote matano. Toa unayopaswa kutoa, ili mwenyekiti akuamini kwenye lile utakalolishikilia.

La pande, litoe. Unasema wewe hukuwepo 2018, na jirani mwenyewe amekwisha kumwachia mwanawe shamba. Haisaidii. Msimamizi wa mirathi anadai kupitia kwa marehemu, na mtoto aliyeachiwa shamba anadai kupitia kwa baba yake. Sheria inawaona kuwa ni wale wale.

La kuamuliwa hadi mwisho, nalo litoe. Ingekuwa shauri la mama liliondolewa kwa kasoro, au aliliondoa mwenyewe kwa ruhusa ya kulirudisha, tungekuwa na la kusema. Lakini kata iliwasikiliza wote wawili na mashahidi wao, ikaandika nani mwenye shamba. Kwamba mama hakukata rufaa hakuupunguzii uamuzi ule nguvu. Kunauongezea, kwa sababu hakuna kilichobaki kinachosubiriwa.

Na jambo lenyewe? Hapa watu wengi hupona, kwa sababu mipaka ya mashamba yetu imeandikwa kwa miti na mito. Kama shauri la kwanza lilihusu ukanda wa mpakani na la sasa linahusu shamba zima, hakuna anayeweza kujua kwa kusoma karatasi kama ni ardhi ile ile. Itabidi baraza liende shambani, na hiyo ni kazi ya ushahidi ambayo Mukisa haiiruhusu kwenye pingamizi la awali. Lakini wewe usilijaribu hili. Uamuzi wa 2018 unataja ekari mbili zinazopakana na kijito upande wa mashariki na njia ya ng'ombe upande wa kusini, na maombi yako yanataja hivyo hivyo, karibu neno kwa neno. Ukisema ni ardhi nyingine, mwenyekiti ataacha kukusikiliza.

Hati ya 1989 najua itakuuma kuiacha. Ushahidi mpya hauvunji res judikata. Maelezo ya nne ya kifungu cha 9 yanasema hivi: hoja yoyote ambayo mhusika angeweza na alipaswa kuileta kwenye shauri la kwanza inahesabiwa kuwa ililetwa. Hati ilikuwa kwenye sanduku la mama mwenyewe. Kama angeisahau kila mtu kisha mtoto aje nayo baada ya miaka sita, hakuna hukumu ya shamba ingekaa nchi hii. Ifunge kwenye bahasha. Itatumika siku ukipita kwenye mlango huu, kama ushahidi wa umiliki. Kwenye mlango wenyewe haifungui kitu.

Limebaki moja: uwezo wa chombo kilichoamua. Hapa ndipo neno mamlaka linaporudi mara ya pili. Mwenzako ameuliza kama baraza la leo lina mamlaka. Kwa kulileta pingamizi la res judikata, amekulazimishia wewe haki ya kuuliza kama baraza la 2018 lilikuwa nayo.

Wakati ule kata ilikuwa bado na uwezo wa kuamua, ila kwa kikomo. Kifungu cha 15 cha Sura ya 216 kiliibana kwenye ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi 3,000,000. Sasa fungua ukurasa wa pili wa uamuzi. Jirani, akiwa anatoa ushahidi wake mwenyewe, anasema kipande hicho alikinunua mwaka 2014 kwa shilingi 4,500,000. Baraza limeyaandika maneno hayo, tena likayategemea kumpa ushindi. Yaani kata iliandika kwa mkono wake kwamba ardhi inazidi kikomo chake, kisha ikaendelea kuamua.

Angalia jinsi hili linavyokaa mbele ya Mukisa. Wewe huleti ushahidi mpya. Unamsomea mwenyekiti karatasi ambayo mwenzako mwenyewe ameileta ili ashinde nayo. Hawezi kuitegemea kwenye ukurasa wa mwisho na kuikana kwenye ukurasa wa pili.

Atakujibu kwa mambo mawili. Atasema mama yako ndiye aliyekwenda kata kwa hiari yake. Jibu: mamlaka hutolewa na sheria, hayatolewi na wahusika. Kukubaliana kwao, au kunyamaza kwao, hakukiongezei chombo uwezo ambacho hakikupewa. Kisha atasema bei ya 2014 si thamani ya 2018. Hilo ni jibu la mtu anayejua kazi yake, na usilidharau. Lakini tazama linakompeleka. Kama thamani ya 2018 haijulikani kwa karatasi zilizopo, basi inahitaji kuthibitishwa, labda na mthamini, na pingamizi lake si la awali tena. Litaandikwa kuwa mojawapo ya viini vya mgogoro, na litaamuliwa baada ya mashahidi. Kwa hiyo karatasi ikisema kata haikuwa na uwezo, pingamizi linaanguka. Karatasi ikishindwa kusema, pingamizi linaahirishwa. Kwa yote mawili shauri lako linaendelea kusikilizwa.

Kuna hali moja ambayo hoja hii inavunjika, na ndiyo inayonisumbua kwa sababu sijaiona karatasi yake. Ni lalamiko la mama la 2018. Kama humo mama aliandika thamani, tuseme shilingi 2,800,000, na jirani hakuipinga, mwenzako atasema thamani inayopima mamlaka ni ile iliyoandikwa na aliyefungua shauri, na atakuwa na nguvu nyingi. Ukurasa wa pili wa uamuzi utabaki kuwa maneno ya bei ya zamani. Ndiyo maana, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa hoja, nenda kata ukaombe nakala ya lalamiko lile na mwenendo wa shauri, kwa barua, ukabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama thamani haikuandikwa, tuendelee. Kama iliandikwa chini ya milioni tatu, tubadilishe njia mapema badala ya kushtukizwa mbele ya mwenyekiti.

Utaona pia watu wakikushauri useme kwamba shamba leo lina thamani ya milioni 28, kwa hiyo kata isingeweza kulisikiliza. Mimi siungi mkono. Uwezo wa chombo cha kwanza nadhani upimwe kwa siku kilipoamua, la sivyo kila bei ya ardhi ikipanda hukumu za zamani zingekufa zenyewe. Bei ya leo inakusaidia kwa jambo moja tu: kuonyesha kwamba uko chini ya milioni 300, ambacho ndicho kikomo cha Baraza la Wilaya kwa madai ya kurudishiwa ardhi, ili asije akaleta pingamizi la tatu.

Na njia nyingine, ikiwa pingamizi la pili litakubaliwa, ni kuushambulia uamuzi wa 2018 wenyewe badala ya kuuzunguka. Sheria ya wakati ule ilimpa mama siku 45 za kukata rufaa Baraza la Wilaya, na zimepita zamani, kwa hiyo utaanza na maombi ya kuongezewa muda. Kesi ya Lyamuya Construction ya Mahakama ya Rufani inataka ueleze ucheleweshaji wote, na miaka sita ni mingi. Lakini kesi hiyo hiyo inakubali kuwa sababu ya kutosha pale uamuzi unapolalamikiwa kuwa na uvunjaji wa sheria, mradi uvunjaji huo uonekane kwenye uso wa kumbukumbu bila kuchimbwa kwa mabishano marefu. Chombo kuamua nje ya mamlaka yake ni mfano ulio wazi kabisa. Ule ukurasa wa pili utakufaa huko pia, kwa hiyo usiuache nyumbani.

Hoja zako zisizidi kurasa tano. Nusu ya kwanza iwe cheti, yenye tarehe mbili tu, 4 Machi na 22 Aprili. Nusu ya pili ikiri pande, ardhi na mwisho wa shauri kwa aya moja fupi, kisha imalizie nguvu zote kwenye milioni tatu na milioni nne na nusu. Maombi ya mwisho yaandike hivi: mapingamizi yote mawili yakataliwe. Vinginevyo, swali la uwezo wa Baraza la Kata mwaka 2018 liandikwe kuwa kiini cha mgogoro na lisikilizwe kwa ushahidi. Na endapo baraza litaona cheti kilihitajika, shauri liondolewe bila amri ya gharama, pingamizi la pili libaki bila kuamuliwa.

Hesabu siku zako 14 tangu tarehe ya amri. Barua ya kwenda kata iandike leo.